Safu Tatu za Ubaoni

Mada ya dini na mazingira tuliipanga wawili: mimi, ninayefundisha maarifa ya Biblia katika shule moja ya Mbinga, na mwalimu mwenzangu wa kike anayefundisha elimu ya dini ya Kiislamu. Hatukutaka wanafunzi wakariri. Nyuma ya madarasa kulikuwa na mteremko uliochimbwa na mvua, udongo wake ukiishia kwenye kijito tunakochota maji. Tukawapa swali moja: nani ametukabidhi kijito hiki, na tutamjibu nini?

Ubaoni nilichora safu tatu, moja kwa kila kundi la wanafunzi: Ukristo, Uislamu, jadi. Kundi la kwanza lilieleza kuwa mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. La pili lilizungumzia ukhalifa: ardhi ni amana, na hata ukitawadha kando ya mto usifuje maji. Kundi la jadi liliacha safu yake tupu. Waliogopa kuitwa washirikina.

Kwa hiyo tuliwapeleka Mpepai, kwa mama yangu, wakaone ngoro, kilimo cha jadi cha mashimo na matuta. Kaka yangu alikuwa amefyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba. Mama alichimba katikati ya kila mraba, akazifukia nyasi kwa udongo ule mpaka likabaki shimo lenye matuta pande zote. Maji ya mvua hutulia shimoni. Nyasi huoza na kurutubisha maharage ya juu ya tuta.

Kabla ya jembe la kwanza aliwataja wazazi wake waliomwachia shamba, kisha akafanya ishara ya msalaba.

"Shikamoo, bibi," alisema msichana mmoja wa kundi la jadi. "Hapo tuandike jadi au Ukristo?"

"Marahaba, mjukuu wangu." Mama aliegemea jembe, akafikiri. "Sijui. Sijawahi kuvitenganisha." Akanigeukia. "Wewe mwalimu, mimi umeniweka wapi?"

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa kwenye tuta, na mama akamfokea ashuke, anaharibu kazi. Tangu hapo wakapendana.

Tuliporudi tulifuta mistari ya safu, tukabakiza mafundisho. Mwenzangu alisisitiza tofauti zisifichwe: Mwislamu hatawaomba wahenga, na asilazimishwe. Tukaamua kila kundi lilime ngoro zake mteremkoni, lieleze kwa imani yake kwa nini linalima, na lisikilize wenzake. Alama zingetokana na maelezo hayo na hali ya udongo baada ya mvua.

Mvua ilipokuja, matuta kadhaa yalibomoka. Wanafunzi walikuwa wamelaza nyasi chache mno. Makundi yote yakaenda kuyajenga upya bila kuulizana ya nani. Yule msichana aliniletea maelezo yake, akasoma kwa sauti, mbele ya darasa zima, majina ya bibi na babu zake waliolima kabla yake. Hakuna aliyemcheka. Mwenzangu alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema ni vumbi la chaki.