Sweta ya Mama

Mama alinisugua kwa jiwe. Lilikuwa jiwe lile lile la kusugulia visigino, na nilipolia aliniambia kwamba msichana hawezi kwenda kwa watu na mikono kama ya kuku aliyenyonyolewa. Vipele vyangu vilikuwa vidogo, vigumu, vimejaa nyuma ya mikono ya juu na mapajani. Haviwashi, haviumi. Tatizo ni kwamba vinaonekana.

Baada ya jiwe, alinipaka mafuta ya kukamulia, yale anayopaka chuchu za ng'ombe. Huko kwetu Kapseret hakuna ngozi isiyotibiwa na mafuta hayo. Niling'aa, na kesho yake vipele vilikuwa palepale, sasa vyekundu na vyenye hasira. Nikawa mtu wa nguo za mikono mirefu. Nilikuja mjini kuuza vitambaa dukani, nikapanga chumba kimoja, na dodoki langu likachukua kazi ya jiwe la Mama. Mwanamume mmoja aliwahi kunishika mkono juu ya kiwiko, nikaruka kama niliyeguswa na moto. Alidhani simtaki. Sikumweleza, naye hakurudi. Sitasema uongo kwamba sikujali. Jioni zangu zilikuwa na redio, chai, na mimi.

Januari iliyopita, upepo mkavu ulipoanza kupasua midomo ya watu, vipele vilizidi, na pale nilipokwaruza pakabaki madoa meusi. Nikaenda kliniki ya ngozi. Daktari, mwanamke wa rika langu, aliniambia nivue sweta, kisha akaweka kiganja chake wazi kwenye mkono wangu, bila glavu, akakiacha pale. Nilitazama ukuta nisije nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

Alieleza kwamba si uchafu na haviambukizi. Ngozi hutengeneza kitu kigumu kingi kupita kiasi, kikaziba vitundu vya vinyweleo, na kila kizibo ndicho kipele. Dawa ya kukiondoa kabisa hakuna, ila kinaweza kulainika.

"Wacha kusugua," akasema. "Unaikasirisha tu ngozi."

Niliambiwa nioge kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, nisikae sana bafuni, nitumie sabuni isiyo na manukato. Nijipanguse taratibu, na ngozi ikiwa bado na unyevu nipake krimu yenye yurea, dawa inayolainisha ngozi ngumu. Nifanye hivyo kila siku, hata nisipoona tofauti, kwa maana itachukua wiki nyingi, na nikiacha vitarudi. Kwa wengi, akaongeza, vipele hupungua umri ukisonga.

"Kwenu ni nani mwingine ako nayo? Huwa inatembea kwa familia."

Nikasema hakuna. Nilikuwa nje, nikifunga vifungo vya sweta, ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kuona mikono ya mama yangu juu ya kiwiko. Hukamua akiwa amekunja mikono ya sweta hadi kiwikoni, haipiti hapo. Hata jua likiwa kali shambani, hata msibani kwa Baba.

Nilijipaka. Mwanzo nilijiona mjinga, mtu mzima anayejibembeleza mwenyewe kitandani, lakini haba na haba hujaza kibaba. Mvua ndefu zilipofika, kiganja changu kilikuwa kikipita kwenye mkono bila kukwama sana. Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Nikanunua kopo la pili, nikapanda pikipiki kwenda nyumbani.

Mama alikuwa jikoni, akichochea moto. Nilimweleza yote aliyosema daktari. Akasema hata yeye alisuguliwa na mama yake. Jiwe ni lile lile.

"Mama, hebu nione."

Alikataa, akasema mimi nina wazimu wa mjini. Nikangoja. Mwishowe akavua sweta, akageuza uso kuelekea mlangoni, kama mtu anayesubiri sindano.

Ngozi ya mikono yake ilikuwa imelegea kidogo, kama ya mwanamke yeyote wa umri wake. Nikapitisha kiganja kwenye mkono mmoja, kutoka begani hadi kiwikoni. Nikarudia, polepole, nikitafuta.

"Mama, hakuna kitu hapa."

"Usinidanganye."

"Hakuna. Viliisha, pengine zamani sana."

Akajigusa kwa vidole viwili, kwa woga. Alisema huwa anaoga haraka na hatazami upande ule.

"Sasa nani angeniambia?" akauliza.

Baba alikufa nikiwa shuleni. Nikafungua kopo, ijapokuwa hapakuwa na haja, nikampaka mkono ule. Nilipomaliza hakuchukua sweta. Alinigeukia, akaninyoshea mkono wa pili.

"Na huu," akasema. "Angalia na huu."