Nusu Mita ya Plastiki

Mume wangu Ilyasi ni fundi umeme, mtoto wa Nyamirambo hapa Kigali, na kwa miaka miwili alitengeneza pasi na redio mbele ya mlango wetu kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja. Mtu huyo anaitwa Rwema, fundi bomba, siku hizi kontrakta mwenye pikapu. Nilimchukia kwa moyo wote. Naandika hivyo bila aibu.

Kisa chenyewe kilitokea mtaa wa Rebero, kwa mama mmoja anayeitwa Trinah. Nyumba yake ni ya zamani, mabomba yake ni ya chuma, yanatoka ardhini nyuma ya jiko na kuingia ukutani. Ilyasi ndiye aliyeunganisha waya wa ardhi wa nyumba ile. Alifunga kibano cha shaba kwenye bomba pale pale linapotokea, kabla halijagawanyika kwenda bafuni na jikoni, akavuta waya mnene wa kijani na njano hadi kwenye ubao wa umeme. Aliwaomba pia waweke swichi inayokata umeme yenyewe unapovuja. Wakasema baadaye.

Miezi kadhaa ikapita, Connie, dada anayefanya kazi pale, akashika bomba la mvua bafuni akapigwa na umeme. Alianguka akavunjika nyonga. Rwema alikuwa ameifunga heta mpya ya maji wiki chache kabla, na kabla mtu hajauliza lolote akasimama uani mbele ya majirani akasema mabomba hayakuunganishwa na ardhi, fundi umeme kala pesa bila kufanya kazi. Trinah alimwamini. Ilyasi alikwenda aone mwenyewe, akazuiwa getini. Connie, kitandani hospitalini, alisema Mungu amlipe yule Mwislamu. Mume wangu alisikia. Usiku alikuwa akiniuliza kama kweli alikaza ile nati ya kibano, kana kwamba mimi nilikuwepo.

Kazi zikakatika. Mimi nilikuwa nikimwona Rwema Kimironko sokoni, naye ananipungia mkono kama shemeji yake.

Halafu mwezi wa tatu mwaka huu simu ikalia. Ni Trinah. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mzee Ilyasi, ile maji ya bafuni iko inanichoma mikono. Rwema amekuja mara mbili, anasema hakuna kitu. Naogopa."

Nilimwambia mume wangu amwache achomeke. Alichukua begi. Nikamfuata, maana kazi hiyo inataka mtu wa pili wa kushika ncha ya waya, na kusema kweli nilitaka kuiona sura ya mama yule.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima swichi kuu. Akaifungua heta, akanionyesha: Rwema aliifunga kwa waya wenye nyuzi mbili tu. Uzi wa tatu, wa ardhi, haukuwepo. Akautoa waya wote wa heta, akafunga ncha zake, akawaambia hakuna kuiwasha. Alipokwenda nyuma ya jiko alikuta kibano chake kipo, na pembeni yake kibano kingine kipya kinang'aa. Trinah akasema Rwema alikiweka baada ya Connie kuumia, ili ionekane amerekebisha.

Akanipa ncha moja ya waya mrefu niishike kwenye kile kipande cha shaba cha ubaoni kinachokusanya nyaya za ardhi, yeye akagusa kibano chake kwa mita. Ikasoma karibu na sifuri, yaani umeme unapita bila kizuizi, sawasawa kabisa. Akaenda bafuni, akagusa bomba la mvua. Mita haikusoma kitu, yaani njia imekatika mahali fulani katikati. Hapo aliketi kwenye ukingo wa beseni akafunika uso, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Trinah alitaka atengeneze siku ile ile. Ilyasi akasema nyumba iko salama kwa sasa, ukuta atauvunja Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, baada ya kikao, majirani wakiwa bado na majembe mkononi. Na Rwema awepo. Hakutaka kingine. Trinah aliinamisha kichwa akakubali.

Jumamosi Rwema alikuja na shati jeupe. Connie naye aliletewa kiti, fimbo mapajani. Ilyasi akarudia kipimo mbele ya watu. Rwema akasema mita imekufa. Basi Ilyasi akampa mita aishike mwenyewe. Rwema akagusa kibano, ikasoma. Akagusa bomba la bafuni, ikanyamaza. Akarudia mara tatu, na kila mara kola yake ilizidi kulowa.

Ndipo Ilyasi akauvunja ukuta nyuma ya vigae vya jikoni vilivyoonekana vipya kuliko vingine, hatua mbili tu kutoka kwenye kibano. Kilichokuwepo ndani ni nusu mita ya bomba la plastiki, limeunganishwa vizuri na chuma pande zote mbili. Bomba la zamani lilikuwa likivuja pale, Rwema alipokuja kufunga heta akalikata, akaweka plastiki, akapiga plasta na vigae juu. Kazi ya maji safi kabisa. Lakini umeme haupiti kwenye plastiki. Vibano vyote viwili vilikuwa upande wa huku, na chuma cha bafuni kilibaki upande wa kule peke yake. Heta ilipovujisha umeme kwenye kile chuma, haukuwa na njia ya kurudi ardhini na kuangusha swichi. Ulikaa pale ukimsubiri mtu.

"Huyo mtu ulikuwa wewe, Connie," Ilyasi alisema. "Waya wangu ulikuwepo. Yeye aliukata bila kuugusa."

Connie alimnyooshea Rwema fimbo. Mimi nilifurahi, na furaha hiyo ilikuwa tamu.

Rwema, akitaka kuficha aibu, akasema basi kuanzia leo atafunga kibano kwenye kila bomba la kila nyumba, hata kwa Kankindi jirani. Kwa Kankindi mabomba yote ni plastiki tangu barabarani, chuma ni koki tu. Ilyasi akamjibu kwamba koki iliyo mwisho wa plastiki haigusi ardhi wala haileti kitu kutoka nje, haihitaji waya. Ukiifunga bure, unaipeleka hitilafu ya nyumba nzima mahali ambapo haikuwa na njia ya kufika. Kinachofungwa ni chuma kinachoingia kutoka ardhini, na chuma kirefu kilichokatwa katikati kama hiki.

Kisha akaketi. Akaomba chai. Akamwambia Rwema aruke ile plastiki kwa waya mnene, kibano upande huu na kibano upande ule. Mara ya kwanza Rwema alifunga juu ya rangi, mita ikakataa. Ilyasi akampa msasa. Mara ya pili nati ililegea. Mara ya tatu mita ikasoma karibu na sifuri bafuni. Shati lilikuwa limeshakuwa la kijivu. Heta ikapata waya wa nyuzi tatu, na swichi ya uvujaji Trinah akaikubali bila kuuliza.

Rwema akanyoosha mkono. "Mzee, nisamehe. Tumemaliza?"

Ilyasi hakuushika. "Umefunga heta na kukata mabomba ya chuma kwenye nyumba ngapi?"

Rwema akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akasema thelathini na moja.

"Tutakwenda zote. Wewe utabeba begi, na kila mlango wewe ndiye utakayesema kwa nini tumekuja. Ukikataa, nakwenda peke yangu, na nasema mimi."

Rwema aliangalia majirani, akaangalia fimbo ya Connie. Akainama akachukua begi.