Mikataba Kumi ya Bwana Kiasi

Jina lake la kuzaliwa walilitumia benki na hospitali tu. Nyumbani, kazini alikostaafu na mtaani kote aliitwa Bwana Kiasi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka thelathini ya kupima ardhi ilimfundisha kwamba anayekosea sentimita moja mwanzoni huishia kwenye shamba la jirani, basi neno kiasi halikumtoka mdomoni. Chumvi kiasi. Sauti ya redio kiasi. Mkewe alisema hata posa aliileta kwa kiasi, akazungukazunguka wiki nzima kabla ya kutamka alichokijia.

Alipostaafu hakuweza kukaa bure. Akajifunza biashara ya hisa za nje kwenye kompyuta, na si kununua na kuuza hisa zenyewe tu, bali kile wanachokiita opsheni: haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, kabla ya tarehe fulani. Alisoma mwaka mzima bila kuweka hata senti. Kisha akafungua akaunti yeye na dada yake mkubwa, nusu kwa nusu, jumla dola elfu ishirini. Dada alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali, mwanamke aliyehesabu mashuka mpaka ndotoni, na hakuna mtu duniani aliyemwamini zaidi ya mdogo wake huyu.

Kazi yenyewe ilikuwa na mantiki yake, na Bwana Kiasi alipenda kuieleza. Kampuni inapokaribia kutoa hesabu zake za robo mwaka, watu huingiwa na hofu. Hawajui bei itaruka juu au itaporomoka, kwa hiyo hununua kinga, na kinga hupanda bei kama miavuli wingu likitanda. Hesabu zikishatoka, hofu huisha kwa usiku mmoja, na kinga hushuka bei hata kama hisa haijasogea sana. Yeye alikuwa muuza miavuli. Aliuza kabla ya ripoti, asubuhi yake akanunua tena kwa bei ya kutupa, na tofauti ikawa yake.

"Na mvua ikinyesha kweli?" dada aliwahi kumuuliza.

"Ndiyo maana siuzi bila kununua, dada. Naahidi kuinunua hisa kwa tisini na tano, hata ikishuka vipi. Papo hapo nanunua haki ya kuiuza kwa tisini. Ikianguka hata mpaka sifuri, mimi naumia kati ya tisini na tano na tisini tu. Hasara naijua kabla sijabonyeza kitu."

Hapo ndipo lilipoingia neno lake. Kila mkataba ulikuwa wa hisa mia, kwa hiyo pengo hilo la dola tano lilikuwa dola mia tano. Akipokea mia na hamsini za kuuza, hasara kubwa kabisa ilibaki mia tatu na hamsini. Sheria yake: hasara hiyo isizidi asilimia mbili ya akaunti, yaani mia nne. Maana yake mkataba mmoja. Ulipata, ulikosa, mmoja. Karibu miaka miwili akauza mmojammoja, akapata mara nyingi, akakosa mara chache, na akaunti ikasogea kwa mwendo wa konokono mwenye adabu.

Mwendo huo ulimkera shemeji yake, mume wa dada, mwenye duka la vipuri vya magari na ulimi usiolala.

"Shemeji," alisema Jumapili moja huku akikoroga chai, "faida yako ya mwezi mimi nikiidondosha dukani siinami kuiokota."

Watu wakacheka. Bwana Kiasi naye akacheka, kiasi. Lakini neno lilimwingia, kwa sababu siku hizo dada alikuwa anastaafu na kiinua mgongo chake kilikuwa njiani. Alishasema angeamua Jumapili inayofuata: akiweke chote kwenye akaunti ya mdogo wake, au akipeleke benki kama mumewe alivyotaka. Bwana Kiasi alikitaka kile kiinua mgongo. Hakukitaka kwa wizi, la hasha. Alitaka kuaminiwa nacho. Alitaka shemeji amwone dada anamchagua yeye.

Wiki hiyo kampuni moja ya kutengeneza vifaa vya simu ilikuwa itoe hesabu zake Alhamisi, baada ya soko kufungwa. Hisa ilikuwa dola mia. Ripoti nane zilizopita hazikuwahi kuishusha zaidi ya dola nne. Mikataba ya kuisha Ijumaa ilikuwa imevimba bei kwa hofu. Mkewe alipopita na kikapu cha nguo akamwona ameinamia kioo cha kompyuta, akamuuliza kama anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa anajidanganya, na mtu anayejidanganya huonekana vilevile. Alijiambia kwamba hasara ya mia tatu na hamsini ni ya kwenye karatasi tu, kwa kuwa mambo yakiharibika atatoka mapema, atafunga kwa nusu. Nusu ikitosha kuhesabiwa, basi mikataba miwili imo ndani ya sheria. Na kama ripoti nane zote zimekaa sawa, miwili kwa nini? Tano. Na tano kwa nini, kama Jumapili anataka kitu ambacho shemeji atainama kukiokota? Mpima ardhi wa miaka thelathini akaandika kumi, akabonyeza, na dola elfu moja na mia tano zikaingia kwenye akaunti papo hapo. Alijisikia kijana. Akaongeza sukari kwenye chai bila kupima.

Kosa lake lilikuwa dogo kulitamka. Aliweka mlango wa kutokea mahali pasipo na mlango. Ripoti inatoka soko likiwa limefungwa. Bei haishuki ngazi moja moja ili mtu ashuke nayo na kuchagua ngazi ya nusu. Inalala mia, inaamka ilipoamka. Jambo hilo yeye ndiye aliyemfundisha dada, kwa kidole na mfano.

Iliamka themanini na nne. Kampuni ilikuwa imeuza vizuri, lakini mkubwa wake alisema robo ijayo itakuwa mbaya, na watu wakakimbia. Bwana Kiasi alikaa mbele ya kioo, mikono juu ya magoti. Hofu ilikuwa imeshuka kama alivyotabiri. Kila kinga ya bei iliyo mbali na ya sasa ilikuwa imenywea hadi senti chache. Yeye alipatia kila kitu isipokuwa kile kilichompata. Mikataba yake kumi ilikuwa imezama chini ya tisini, na kuifunga kulimgharimu karibu yote: hasara ya dola elfu tatu na mia nne na zaidi. Aliifunga palepale, kwa vile kuiacha mpaka iishe jioni kulikuwa kutafuta balaa lingine. Kinga yake ilifanya kazi barabara. Hata kama hisa ingefika sifuri, isingemgharimu zaidi ya hapo. Ilifanya kazi mara kumi.

Jumapili ikafika, kwa maana Jumapili haina huruma. Sebule ni ileile, kochi lenye mkono uliochakaa, kompyuta juu ya meza ya kulia. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na yeye ardhi aliijua vizuri. Akawaambia hasara. Hakuitafuna, aliitaja yote. Kisha, Mungu amsamehe, akaeleza mvua na miavuli, na namna hisa ilivyoanguka kuliko mara nane zilizotangulia, na namna haki aliyoinunua kwa tisini ilivyoziba shimo. Kila neno lilikuwa la kweli. Neno kumi halikuwemo.

Alingoja shemeji amchane. Shemeji akakuna kidevu.

"Yaani bila ile kinga?"

"Bila kinga, hasara ingekuwa zaidi ya mara mbili."

"Basi pole, shemeji. Nimekuwa nikikutania, lakini mimi ningeingia kichwakichwa tukauza na duka. Wewe ni mtu makini."

Bwana Kiasi alitazama zulia. Angemtukana ingekuwa nafuu. Dada naye akamshika mkono, mkono wake mgumu wa maji na sabuni.

"Mdogo wangu, usijinyonge. Hasara si mwisho wa dunia. Mimi nilikuwa nawaza tangu jana, na hili ndilo limenimalizia mawazo. Kama siku mbaya kabisa ndiyo hii, na bado akaunti imesimama, basi kiinua mgongo kinakuja kwako. Chote."

Mkewe akasema alhamdulillahi. Shemeji akaitikia. Ndani ya Bwana Kiasi kitu kilifurahi, na aliposikia kinafurahi aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alikuwa amepata alichokitaka. Ilibaki kunyamaza tu, kazi ambayo hata mtoto anaiweza.

"Dada, usilete," alisema.

"Nisilete nini?"

"Nilipaswa kuuza mmoja. Niliuza kumi."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Ikabidi aeleze tena, polepole, kwa hesabu: mmoja ungewagharimu mia tatu na kitu, wangekunywa chai yao na kucheka. Ile nyingine yote, zaidi ya elfu tatu, haikuletwa na soko. Aliileta yeye. Shemeji akaenda kusimama dirishani kuangalia gari lake lisilokuwa na tatizo lolote. Mzaha wake ndio ulioanzisha haya, na alilijua hilo, lakini hakuna aliyemshika Bwana Kiasi mkono abonyeze.

Dada alikuwa bado amemshika mdogo wake. Hakuutoa mkono.

"Na ungepata," aliuliza, "ungeniambia kwamba zilikuwa kumi?"

Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa. Alilitazama pande zote, akatafuta upande ambao angeweza kusimama akiwa mtu mzima mwenye mvi. Hakuupata.

"Nisingekwambia. Ningekuletea faida ukanisifu."

"Na kiinua mgongo ningekileta."

"Ungekileta."

Dada akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyehesabu mashuka na kukuta idadi aliyoihofia. Hakupandisha sauti. Akasema kiinua mgongo kitakwenda benki, na kwamba angependa kuitoa nusu yake iliyobaki humu, kama si usumbufu.

"Nioneshe inavyofanywa. Mimi sijui."

Akamvutia kiti. Akamwelekeza kwa upole uleule aliomfundishia mambo yote ya awali: bonyeza hapa, andika kiasi hapa, hakikisha namba ya benki, soma mara mbili kabla hujathibitisha. Alikuwa mwalimu mzuri. Dada akasoma mara mbili kama alivyoambiwa, akathibitisha, akamgeukia.

"Asante, mdogo wangu."

"Karibu, dada," alisema, macho kwenye kibodi, kwa sababu hakuwa na pengine pa kuyaweka.