Fía na Drumba Mlangoni

Salvör alikuwa mama wa watoto watatu na mpokea simu katika studio ndogo ya katuni mjini Reykjavík, mpaka yule aliyepanga waigizaji wa sauti alipokwenda likizo ya uzazi na kazi ikamwangukia yeye. Hakuisomea. Alichokuwa nacho ni sikio la mama. Akiwa jikoni, aliweza kujua kwa namna mlango ulivyofungwa ni mtoto yupi aliyerudi, na kama huko alikotoka kulikuwa kwema.

Filamu yenyewe ilikuwa ya Krismasi. Wahusika walikuwa kumi na mmoja, na fedha zilitosha waigizaji watano tu. Kwa hiyo Salvör alibandika karatasi kubwa ukutani, majina ya wahusika yakiwa pembeni na matukio yakiwa juu, akapaka rangi kila mahali mhusika anapozungumza. Mwigizaji mmoja aliweza kubeba wahusika wawili au watatu, mradi wasikutane katika tukio moja. Ilikuwa kama kuwapangia viti watoto wanaogombana.

Fía alikuwa bibi mjane katika shamba la mwisho kabla ya milima. Drumba alikuwa jitu la kike lililoishi peke yake katika nyanda za mawe. Usiku Fía anaacha maziwa kizingitini, na Drumba anakuja kuyanywa Fía akiwa amelala. Hawakutani hata mara moja. Salvör akawakabidhi wote wawili kwa Bergljót, mwigizaji mzee mwenye sauti ya kila aina.

Siku tatu kabla ya kurekodi, Kolbeinn, mwongozaji wa filamu, alikuja mezani kwake na kurasa mpya mkononi.

"Salvör, mpenzi, nimeubadilisha mwisho. Sasa wanakutana mlangoni. Mwenyewe nimelia."

"Wanaongea?"

"Wanaongea, tena sana."

Salvör aligeuka kutazama ukuta. Kolbeinn akafuata macho yake, na uso ukamshuka.

"Bergljót," alisema. "Nilisahau kabisa."

"Hata mimi ningesahau, kama karatasi isingekuwa inanikodolea macho."

"Watoto wa nchi hii wanamjua Bergljót kuliko bibi zao. Yumo katika kila katuni. Watasema, mbona anajisemesha mwenyewe kama mtu aliyeachwa stendi?"

Mwigizaji wa akiba alikuwa Akureyri, mji wa mbali kaskazini, akicheza jukwaani mpaka majira ya kuchipua. Kungoja hakukuwezekana, kwa kuwa wachoraji huchora midomo kufuata sauti, na bila sauti wangekaa wakinywa kahawa tu.

"Basi nalifuta tukio hilo," alisema Kolbeinn taratibu. "Turudi kwenye mwisho wa zamani."

Alipokuwa akisema hivyo, Salvör alikuwa ameshasoma ukurasa wa kwanza. Fía anafungua mlango, anaona magoti makubwa yamejaa mlango mzima, na haogopi. Anasema, "Umechelewa leo." Tukio hilo likifutwa, filamu nzima ingebaki habari ya maziwa.

"Usifute," alisema. "Niachie mpaka Jumatatu."

"Mtoto mmoja tu akitambua kwamba ni mtu yuleyule, nalitoa. Sitaki kuchekwa Krismasi."

Jioni Salvör alisoma upya maelezo ya sauti aliyokuwa amempelekea Bergljót. Ya Fía yalisema: mzee, mpweke, mwenye huzuni, moyo mwema. Ya Drumba yalisema: mzee, mpweke, mwenye huzuni, moyo mwema, sauti nene. Alihisi uso ukimchoma. Alikuwa ameandika mtu mmoja, kisha akamwongezea unene.

Kesho yake asubuhi, kukiwa bado giza, alikwenda kwenye bwawa la mtaani na kujitumbukiza katika kidimbwi cha maji moto. Mvuke ulikuwa mzito, nyuso hazionekani. Wazee walikuwa wakibishana kuhusu barabara mpya, na Salvör, akiwa amefumba macho, aligundua kwamba anamjua kila mmoja kabla hajasema neno la maana. Huyu huvuta pumzi ndefu kana kwamba anabeba gunia. Yule huanza kabla mwenzake hajamaliza, maana nyumbani kwake hakuna anayemsikiliza. Wa tatu hukaa kimya kwanza, halafu hulitoa neno kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu. Wawili kati yao walikuwa na sauti nene ileile, wala hakuna ambaye angewachanganya.

Alitoka na maji yakimchuruzika, akajifunga taulo, akaandika kwenye simu palepale.

Maelezo mapya hayakuwa na neno "huzuni" popote. Kuhusu Fía aliandika: kwa miaka mingi amezungumza na redio, kwa hiyo hangoji jibu. Daima ana kitu mkononi, pumzi yake ni fupi. Kila sentensi inaisha juu kidogo, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Kuhusu Drumba aliandika: hajasema na mtu tangu kanisa la kwanza lijengwe nchini. Anaonja kila neno kabla ya kulitoa. Anajua sauti yake ikifunguka madirisha yatavunjika, kwa hiyo anaibana, na kule kubana ndiko kunakosikika. Usiishushe sauti, irudishe nyuma. Chini yake aliongeza mpangilio: Fía kwanza, Drumba baadaye, kwani sauti ya Drumba inakwaruza koo na siku hiyo hakuna kurudi tena kwenye sauti ya Fía.

Jumatatu Bergljót alisoma karatasi akiwa bado na koti.

"Nani kaandika hivi?"

"Mimi."

"Umenipekua, mama. Huyu Fía ni dada yangu hasa."

Alirekodi Fía akiwa ameshika kikapu alichokiomba jikoni. Kisha alikunywa maji ya vuguvugu, akavua viatu, akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye kipaza sauti, na kuvaa vifaa vya masikioni ili amsikie Fía wake mwenyewe. Ketill, fundi sauti, alibonyeza kitufe.

"Umechelewa leo," alisema Fía.

Salvör aliona mabega ya mama yule mfupi yakipanuka, shingo ikizama, na kitu kikubwa kikawa kinapumua ndani ya kile chumba kidogo. Halafu neno likaja, la uangalifu, kana kwamba linatoka nyuma ya mlima.

"Njia... ilikuwa na theluji."

Ketill aliondoa mkono kwenye mashine, akasahau kuurudisha. Salvör alitazama mdomo wa Bergljót, akaujua kuwa ni wa Bergljót, na bado hakuamini kwamba sauti ile imetoka pale. Yale aliyoyaandika akiwa amejifunga taulo yalikuwa sasa yamesimama mbele yake, yana uzito, yanaona aibu.

Ijumaa walikuja watoto wa chekechea ya jirani, wakakaa sakafuni. Skrini ilizimwa, walipewa sauti tu. Kolbeinn alisimama mlangoni amekunja mikono. Tukio lilipokwisha, Salvör aliuliza ni watu wangapi walikuwa wakiongea.

"Wawili," walisema.

Msichana mmoja mwenye soksi za rangi mbili akanyoosha kidole. "Yule bibi ni Bergljót. Wa televisheni."

Kolbeinn alifumba macho.

"Na yule mwingine?" Salvör aliuliza.

Msichana alifikiri. "Simjui. Ni mkubwa sana. Hawezi kuingia, ndiyo maana anaongea polepole." Akageuka akautazama mlango aliposimama Kolbeinn, na wenzake wakageuka pia, na yule mwongozaji, bila kuambiwa, akasogea pembeni kupisha.