Kuonja Si Kunywa

Mama Pipa tulimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake: alipika pombe na kuiuza uani kwake, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko pombe yenyewe. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Alipobeba mimba ya kwanza nilimuuliza kama anakunywa.

"Mimi nauza, dada. Wanaokunywa ni hao wajinga wangu."

Tukacheka. Nikaandika kwenye kadi: hanywi. Hakunidanganya. Glasi hakuwahi kushika. Lakini kila asubuhi alionja mapipa manane, kata moja moja, tumbo tupu, maana chakula kingemharibia ulimi. Kwake hiyo ilikuwa kazi.

Mtoto alizaliwa na kilo mbili kasoro, mdomo wa juu mwembamba, na pale chini ya pua hapana kijifereji. Nikasema atanenepa. Mungu anisamehe.

Sasa binti ana miaka saba. Hesabu anayofundishwa leo, kesho haipo kichwani, hasira zake hazina breki, na moyo wake una tundu. Juzi daktari wa watoto alimuuliza mama kuhusu siku yake nzima, tangu kuamka, na habari ya kuonja ikatoka.

Leo amekuja kwangu na binti yake, na mimba ya miezi minne.

"Kuonja tu, dada?"

Nilimweleza. Pombe haibaki tumboni kwa mama. Inaingia kwenye damu, inavuka kondo la nyuma, inapita kwenye kitovu, na mtoto anapata karibu kiasi kilekile, na ini lake halijakomaa kuiondoa. Mimba nyingine hutoka. Mtoto mwingine huzaliwa mfu, mwingine na kasoro za moyo au masikio, mwingine mzuri wa kutazama hadi shule imuumbue. Kiasi salama hakijulikani.

"Huyu wangu atapona?"

"Hapana. Atasaidiwa, lakini kupona, hapana."

Akashika tumbo. "Na huyu?"

"Sijui. Yaliyopita hayarudi. Ila ubongo wake bado unajengwa, kwa hiyo acha leo."

"Kwa nini hukuniuliza kuhusu kuonja?"

Nilichukua kadi mpya, nikaandika: anaonja, mapipa manane.

Mumewe alikuwa nje getini, hatua ishirini hivi. Mama Pipa akamgeukia binti. "Nenda kamwambie baba: kuanzia leo mama haonji. Sema."

"Mama haonji."

Akatoka akikariri. Dirishani tulimwona akifika, akamtazama baba yake, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akarudi mbio, machozi yakimlengalenga.

"Mama, uliniambia nini?"

Mama Pipa akamfuta machozi kwa kanga, akamshika mkono, na wote wawili wakaenda kumwambia baba.