Uso Kwenye Printa

Msichana mmoja alikuja dukani kwangu mtaani Makina mchana, akitaka nimjazie fomu ya pasipoti. Alikuwa amepata kazi ya nyumbani Uarabuni. Nilikuwa na kompyuta moja, printa inayotoa kopi na kuskani, na shuka jeupe ukutani kwa wanaotaka picha. Nilimpiga picha kwa simu. Ya kwanza akacheka.

"Pasipoti haitaki meno," nikamwambia.

Ya pili akacheka tena. Ya tatu ikafaa. Nikaskani kitambulisho na cheti chake cha kuzaliwa, nikavipandisha kwenye mtandao wa serikali, nikamchapishia fomu. Akaondoka akisema, "Niombee, dada."

Mwaka uliofuata akaingia mama mmoja, kitambaa kichwani, akabaki amesimama mlangoni.

"Ni wewe ulijazia msichana wangu pasipoti?"

"Mama, wanakuja wengi. Anaitwa nani?"

Hata kabla hajamaliza jina, nilikuwa nishamkumbuka.

Msichana alikuwa amerudishwa kutoka Uarabuni ndani ya jeneza. Kutoka huko familia iliambiwa ni moyo uliomuua. Simu yake, yenye picha zote, haikurudi. Simu ya mama ilikuwa ya vibonyezo, haihifadhi picha, na picha za utotoni ziliteketea moto ulipopita kwenye ploti yao. Walikuwa wanamsafirisha kumzika nyumbani kwao, Magharibi mwa nchi, na programu ya mazishi, ile karatasi ya kugawia waombolezaji, ilihitaji uso.

Nikatafuta faili lake. Picha tatu zikajipanga kwenye skrini. Nilidhani mama atalia. Akaweka kidole juu ya ile ya kwanza.

"Weka huyu."

Akanisimulia maisha ya binti yake, nami nikachapa. Tarehe ya kuzaliwa niliichukua kwenye cheti nilichoskani. Tulipofika kwenye majina ya aliowaacha, akasema, "Mtoto wake. Bado anauliza simu ya mamake italia lini." Nikaandika jina la mtoto tu.

Printa ikaanza. Kila karatasi ilitanguliza nywele, kisha macho, kisha yale meno, anatoka polepole kama mtu anayepanda ngazi kutoka gizani. Uso ukalala juu ya uso. Katikati ya kazi wino wa rangi ukapungua, akaanza kuwa wa kijani.

"Simamisha," mama akasema.

Nikasimamisha. Karatasi ikabaki nusu ndani, macho nje, mdomo haujafika. Nikaivuta polepole, nikabadilisha wino, tukamaliza. Zile za kijani mama alikataa nizitupe. Akazikunja, akaziweka ndani ya mkoba.

Siku hizi nikiwasha printa asubuhi inanguruma kidogo kabla ya kutulia, nami huangalia pembeni mpaka inyamaze.

Juzi msichana mwingine aliingia. Fomu ileile, safari ileile. Nikamsimamisha mbele ya shuka, nikainua simu, nikashindwa kubonyeza.

"Dada, kuna shida?"

"Kabla sijakupiga," nikasema, "mamako ana picha yako?"

Akafikiria. "Hana."

Nikamwambia akae, nimchapishie moja ya kumpelekea mama, bure.