Tulipoiandika Bei ya Kusikia

Dada yangu anauza mashine za kusikia katika chumba kimoja mjini Kakamega, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu. Yeye hupima masikio, mimi hushughulikia matangazo. Mtu akiandika kwenye simu kwamba anatafuta mashine ya kusikia, tangazo letu hutokea juu ya majibu. Akilibofya, tunatozwa. Akilipita, hatutozwi kitu.

Tangazo la kwanza nililiandika kwa mapenzi: “Sikia tena sauti za uwapendao. Karibu Kakamega.” Bei sikuitaja. Niliamini kwamba mtu akishafika na kuonja kusikia, atatafuta namna. Watu walibofya kweli, na pesa tulizotenga kwa siku zikawa zinaisha kabla ya saa sita mchana. Simu zililia, wengi wakauliza bei, wakashukuru kwa upole, wakakata.

Kisha akaja mzee mmoja, mkulima wa mahindi kutoka upande wa Mautuma, akiongozana na binti yake aliyeliona tangazo. Dada alimpima, akamvalisha mashine ya majaribio, akamwambia binti aongee nyuma yake.

“Baba, unanisikia?”

Mzee aligeuka upesi. “Kumbe umekuwanga na mafua?”

Tulicheka sote. Aliuliza ile sauti ya mvumo ni nini, akaambiwa ni mvua inaanza juu ya mabati ya jirani. Aligeuza sikio dirishani, akaisikiliza. Ndipo binti akauliza bei, na dada akaitaja.

Mzee hakubishana. Aliitoa mashine sikioni, akaipangusa kwa leso yake, akaiweka mezani polepole kama yai.

Binti ndiye aliyesema. “Madam, mngeandika bei huko kwa simu. Tungekuja tumejipanga, ama tungekaa nyumbani. Sasa umemwonjesha.”

Walipoondoka, dada alikaa na ile mashine mkononi bila kuirudisha kwenye kasha.

Jioni hiyo nilimwambia tuiweke bei ndani ya tangazo, mstari wa juu kabisa: kuanzia elfu thelathini na tano kwa sikio moja.

“Utawafukuza watu,” akasema.

“Wasioweza watajua mapema. Na hatutalipia mbofyo usioleta mteja.”

“Na mimi nitajuaje nani haswa hawezi? Mtu anaweza kuwa na watoto wanaochanga.”

Tukakubaliana tujaribu. Niliandika bei, nikahakikisha ukurasa wetu wa mtandaoni unataja ileile, maana mtu akikuta nyingine huko ndani atahisi ametegwa. Dada alitaka tuongeze “Kupimwa ni bure.” Nikamwomba tuliache nje neno hilo, kwa sababu bure huita kila mtu, nasi tungerudi tulipotoka. Badala yake tukaweka punguzo kwa anayenunua mbili, pamoja na tarehe ya mwisho wake.

Ukimya uliofuata ulitutisha. Waliobofya walipungua sana. Dada alikuwa akifuta meza isiyo na vumbi, akinitazama. Mimi nilijikaza, ingawa moyoni nilishaanza kutunga tangazo la zamani upya.

Halafu akaja mwalimu mstaafu kutoka Mukumu, mama mwenye sauti ya darasani. Hata kabla hajaketi alisema, “Nimeona ni elfu thelathini na tano na kuendelea. Sasa hiyo kuendelea inaendelea mpaka wapi?”

Dada akacheka, akamwonyesha zote. Mama alichagua ya katikati, akauliza habari za betri na jasho, akanunua mbili ili apate lile punguzo. Baada yake wakaja wengine wa namna hiyo, wachache, lakini wengi wao waliondoka wamevaa. Mwisho wa mwezi kila mteja alikuwa ametugharimu pesa chache za matangazo kuliko zamani.

Nilifurahi, lakini si kwa utulivu. Ripoti ya matangazo hunionyesha maneno ambayo watu waliandika tangazo letu lilipotokea. “Mashine ya sikio bei rahisi.” “Mama hasikii nifanye nini.” Wengi wa hawa waliona bei yetu, wakapita. Kwenye hesabu yangu hao ni mafanikio: hawakutugharimu chochote. Nikiwa peke yangu siwezi kuwaita hivyo. Ninachojua ni kwamba hawakupanda ngazi zetu kwa matumaini ambayo tulificha bei ndani yake.

Wiki iliyopita dada, bila kuniuliza, alibandika bei zote kwenye ubao chini mtaani, kando ya ngazi. Nilimkuta amesimama pale. Mama mmoja aliyebeba kuku kwenye kikapu alisimama, akasoma hadi mstari wa mwisho, midomo ikicheza.

“Ni ghali, mama,” dada akasema.

“Ni ghali,” yule mama akakubali. “Lakini nimejua.” Akatuaga, akaendelea na njia yake ya sokoni.